Vibao vya nyuma vinapokataa kutii: kutafuta chanzo kwenye kidhibiti cha Xbox Elite Series 2

Malalamiko kuhusu vibao vya nyuma vya kidhibiti hufanana sana: kibao hakijibu, kibao kinafanya jambo ambalo hukulipanga, au kilifanya kazi jana kwenye gemu moja na leo kwenye gemu nyingine kinaleta fujo. Mara nyingi mchezaji hukimbilia kudhani kwamba kidhibiti kimeharibika, ilhali kifaa ni kizima na kinatekeleza amri ya profaili, yaani seti ya mipangilio ya vitufe iliyohifadhiwa, ambayo yeye hana habari kwamba ndiyo iliyowashwa. Mwongozo huu unahusu Xbox Elite Wireless Controller Series 2, kidhibiti kilichotoka mwaka 2019 chenye vibao vinne vya nyuma na nafasi tatu za kuhifadhia profaili ndani yake. Wenye vidhibiti vya aina nyingine watakuta majina ya vitufe na menyu yanatofautiana, lakini njia ya kutafuta chanzo haitofautiani sana.

Kabla ya kuanza ni lazima jambo moja lieleweke, kwa sababu nusu ya matatizo yatakayofuata yanatokana nalo. Kibao cha nyuma hakijui kuruka, kubadili gia wala kupiga shuti. Ukikipanga kwenye programu ya Xbox Accessories, kinachofanya ni kujifanya kitufe kingine cha mbele: ukikiambia kiwe A, gemu linapokea A, na haliwezi kutambua kama umebonyeza kwa dole gumba mbele au kwa kidole cha kati nyuma. Gemu ndilo linaloamua A ina maana gani. Amri yako basi hupita vituo kadhaa kabla ya kuonekana kwenye kioo: inaanzia kwenye kibao chenyewe, inaingia kwenye profaili iliyowashwa ndani ya kidhibiti, kwenye kompyuta huenda ikapita Steam, kisha inafika kwenye mipangilio ya gemu. Kutatua tatizo ni kujua ni kituo gani kimeibadilisha au kimeizuia.

Vibao vina majina yake kwenye programu: P1 ni wa juu kulia, P2 wa chini kulia, P3 wa juu kushoto na P4 wa chini kushoto. Kulia na kushoto hapa ni kwa mikono yako ukiwa umeshika kidhibiti tayari kucheza. Ukikigeuza ili uangalie mgongo wake, upande wa kulia unahamia kushoto kwa macho yako, na hapo ndipo watu wengi hupanga P1 wakidhani ni P3. Kama kibao ulichokipanga hakijibu lakini cha upande wa pili kinatenda kile ulichokusudia, usitafute zaidi. Umehesabu ukiwa unatazama mgongo.

## Jaribio la kufanya kabla ya jingine lolote

Unahitaji mahali ambapo gemu halipo, ili uone kidhibiti peke yake kinatuma nini. Kwenye kompyuta ya Windows mahali hapo pamo ndani ya mfumo wenyewe na hapahitaji kupakua kitu. Funga Steam kabisa, si dirisha lake tu bali hata alama yake ndogo iliyoko karibu na saa, kisha unganisha kidhibiti kwa waya wa USB. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, na uandike:

```
joy.cpl
```

Chagua kidhibiti chako, bonyeza Properties, na utaona duara ndogo zenye namba. Kidhibiti kikiwa kwenye waya, namba 1 ni A, 2 ni B, 3 ni X, 4 ni Y, 5 ni LB na 6 ni RB. LT na RT hazionekani kama namba. Hizo husogeza mstari wa mhimili. Sasa angalia taa ndogo za profaili katikati ya uso wa kidhibiti, bonyeza kitufe cha profaili kilicho hapo mpaka iwake nafasi unayotaka kuijaribu, kisha bonyeza vibao kimoja kimoja taratibu.

Majibu yanayowezekana si mengi. Namba uliyoitarajia ikiwaka, kibao ni kizima na profaili ni sahihi, na tatizo liko mbele zaidi, kwenye Steam au kwenye gemu. Ikiwaka namba nyingine, profaili iliyowashwa siyo unayoidhania, au imepangwa vibaya. Isipowaka namba yoyote, ama kibao hakikupangiwa kitu katika nafasi hiyo, ama hakikukaa vizuri, ama swichi iliyo chini yake ina tatizo. Kwa jaribio hili la dakika chache umeshajua uelekee wapi, na ndiyo maana ninashauri lifanywe kabla ya kufuta profaili au kubadilisha mipangilio ya gemu, maana anayebadilisha vitu vitatu kwa pamoja hujikuta hajui kipi kilichosaidia.

Mwenye koni ya Xbox pekee, asiye na kompyuta, anaweza kufanya jaribio hilohilo kwenye menyu kuu ya koni. Panga kibao kiwe kitufe kimojawapo cha mishale, rudi kwenye menyu, na uangalie kama alama ya uteuzi inasogea.

## Kibao hakifanyi lolote

Anza na taa. Kitufe cha profaili huzunguka nafasi ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha hufika kwenye hali ambayo hakuna taa inayowaka. Hali hiyo isiyo na taa ni ya kiwandani. Haibadilishwi, na mpango wowote ulioufanya kwenye programu haufanyi kazi ukiwa hapo. Kitufe chenyewe kiko katikati, karibu kabisa na View na Menu, na ni rahisi kukigusa unapokimbilia kusimamisha gemu. Mtu anakigusa mara moja akiwa kwenye nafasi ya tatu, taa zinazimika, vibao vinaacha kufuata mpango wake, naye hakuona wakati taa zinazimika kwa sababu macho yalikuwa kwenye runinga.

Kama taa inawaka na kibao bado kimya, fungua Xbox Accessories uangalie kama profaili imewekwa kweli kwenye nafasi hiyo. Programu inakuruhusu kutengeneza profaili nyingi kuliko nafasi zilizopo, na profaili iliyokaa kwenye orodha ya programu bila kupewa nafasi ya 1, 2 au 3 ni sawa na haipo: kidhibiti hakiijui. Mtu anaweza kuitengeneza vizuri, akaipa jina la gemu, akaihifadhi, na bado akacheza kwa mpango wa zamani kwa sababu hakufanya hatua ya mwisho ya kuiweka kwenye nafasi.

Baada ya hapo ndipo uangalie chuma. Vibao vinashikwa kwa sumaku, na kinachoviruhusu kutoka kwa urahisi ndicho kinachoviruhusu pia kukaa nusunusu. Kitoe kibao, angalia kama kuna vumbi au uchafu uliogandamana kwenye tundu lake, ufute kwa kitambaa kikavu, kisha ukirudishe mpaka kivutwe na sumaku na kikae bila kuyumba. Ukikibonyeza unapaswa kusikia mlio mfupi wa swichi. Kama hakuna mlio, chomoa kibao cha upande wa pili kinacholingana nacho ukiweke kwenye tundu lile lile. Mlio ukirudi, kibao cha kwanza ndicho kilichopinda. Usiporudi, swichi ya ndani imechoka, na hiyo ni kazi ya fundi mwenye mkono mwepesi, kwa sababu kukifungua kidhibiti hiki si sawa na kufungua kile cha kawaida.

Ipo pia sababu ambayo huwakuta walionunua kwa bei nafuu zaidi. Toleo liitwalo Core, lililotoka mwaka 2022, huuzwa bila vibao ndani ya boksi. Matundu yapo na programu inakuonyesha P1 hadi P4 kana kwamba kila kitu kipo, lakini vibao vyenyewe hununuliwa kando.

## Kibao kinafanya jambo jingine

Hili ndilo tatizo lenye mengi ndani yake, na lieleweke vizuri zaidi kwa mfano mmoja uliofuatwa hadi mwisho.

Chukua mchezaji mwenye gemu tatu. Kwenye Forza Horizon 5 anaendesha kwa gia za mkono, ambapo kwa mpangilio wa kawaida B hupandisha gia, X hushusha, A ni breki ya mkono na LB ni klachi. Kwenye Call of Duty, A ni kuruka na B ni kuchuchumaa, na anataka afanye yote mawili bila kuondoa dole gumba la kulia kwenye kijiti cha kulengea. Kwenye EA Sports FC kidole chake cha shahada cha kulia hukimbiakimbia kati ya RT ya mbio na RB ya kuongezea ufundi kwenye shuti, naye anataka RB ihamie nyuma ili mbio zisikatike. Profaili alizotengeneza ni hizi: nafasi ya 1 ni Forza, P1 ikiwa B na P3 ikiwa X; nafasi ya 2 ni Call of Duty, P1 ikiwa A na P2 ikiwa B; nafasi ya 3 ni mpira, P1 ikiwa RB.

Jioni moja anafungua Forza. Gari linaenda vizuri mpaka kona ya kwanza, anabonyeza P1 ili apandishe gia akitoka kwenye kona, na gari linazunguka kama pia. Anarudia, linazunguka tena. Anaingia kwenye mipangilio ya gari, anadhani ni magurudumu ya nyuma, anapunguza nguvu ya injini, na hakuna kinachobadilika.

Tufuate vituo. Gari linalozunguka ghafla kwenye kona bila kugusa breki ya kawaida ni dalili ya breki ya mkono, na breki ya mkono katika gemu hili ni A. Swali basi linakuwa: kwa nini P1 inatuma A? Kwenye nafasi ya 1 hakuna kibao kilichopangiwa A. Kinachotuma A kupitia P1 ni nafasi ya 2. Anaangalia taa, naam, nafasi ya pili ndiyo inayowaka, kwa sababu mara ya mwisho alikuwa akicheza Call of Duty na kidhibiti kinakumbuka nafasi iliyokuwa imewashwa. P3 nayo haikushusha gia, lakini hakuliona hilo kwa sababu gari lilikuwa limeshageukia lilikotoka. Anabonyeza kitufe cha profaili mpaka nafasi ya 1, na tatizo linaisha. Magurudumu hayakuwa na kosa lolote.

Mfano huu unaonyesha upungufu mkubwa wa profaili zinazokaa ndani ya kidhibiti: hazijui gemu gani limefunguliwa. Kidhibiti hakibadilishi nafasi chenyewe unapotoka Forza kwenda Call of Duty. Wewe ndiye unayepaswa kubonyeza. Anayetarajia koni imfanyie hivyo atakuwa anapambana na tatizo lisilo na suluhisho mahali anapolitafuta.

Kuna njia mbili za kupunguza maumivu hayo bila kuacha profaili za ndani. Ya kwanza ni rangi. Programu inakuruhusu kuipa kila profaili rangi yake, na kitufe kikubwa cha Xbox kitawaka rangi hiyo profaili ikiwa imechaguliwa. Taa ndogo za katikati hazionekani vizuri ukiwa umeegemea kochi, lakini kitufe chekundu kwa Forza na cha kijani kwa mpira huonekana hata kwa jicho la pembeni. Ya pili ni kupanga profaili zako zifanane pale inapowezekana. Kama P1 katika gemu zote ni kile kitendo unachokifanya kwa haraka zaidi na P2 ni cha pili, kukosea nafasi kutakusumbua, ndiyo, lakini mkono wako hautalazimika kujifunza lugha tatu. Mimi huiona njia hii ya pili kuwa na faida kubwa kuliko watu wanavyoidhania.

Kuna sababu nyingine ya kibao kufanya jambo jingine, nayo iko kwenye kituo cha mwisho. Mchezaji anaingia kwenye mipangilio ya Call of Duty na kuchagua mpangilio mwingine wa vitufe, ambao unahamisha kuchuchumaa kutoka B kwenda kwenye kubonyeza kijiti cha kulia. P2 bado inatuma B, kama ilivyoambiwa. Lakini sasa B katika gemu ni pigo la mkono, na kila anapotaka kujificha anapiga hewa ngumi. Hapa jaribio la joy.cpl litaonyesha namba 2 ikiwaka, yaani kidhibiti hakina kosa, na hilo litakuelekeza moja kwa moja kwenye menyu ya gemu. Kanuni ninayoifuata ni kuamua mahali pamoja pa kubadilishia vitufe. Ama gemu libaki na mpangilio wake wa mwanzo na profaili ndiyo ibadilishwe, ama kinyume chake. Anayebadilisha kote kuwili hujenga fumbo ambalo yeye mwenyewe atashindwa kulifumbua baada ya mwezi.

Mwisho katika sehemu hii ni kitufe cha Shift. Kwenye programu unaweza kukifanya kibao kimoja, tuseme P4, kiwe Shift, ili kila kitufe kingine kiwe na kazi ya pili pale P4 inaposhikiliwa. Ni uwezo mzuri, lakini huleta dalili ya kipekee: kitufe kinafanya kazi sawasawa mara nyingi, kisha mara mojamoja kinafanya kitu tofauti bila mpangilio unaoonekana. Ukiona hali ya namna hiyo, angalia kama kidole chako cha pete hakijalala juu ya P4. Wenye viganja vikubwa hupatwa na hili mara kwa mara, na dawa yake ni kukihamishia Shift kwenye kitufe kisichoguswa kwa bahati mbaya, au kuvitoa kabisa vibao viwili vya chini na kubaki na vya juu. Hakuna sheria inayokulazimisha utumie vyote vinne.

## Kibao kimoja, vitendo viwili kwa pamoja

Dalili hii huonekana kwenye kompyuta, na karibu kila mara mhusika ni Steam. Unabonyeza P1, mchezaji wako anaruka na wakati huohuo anarusha bomu. Chanzo ni kwamba amri imepangwa mara mbili: profaili ya ndani ya kidhibiti imeigeuza P1 kuwa A, na mpangilio wa Steam wa gemu hilo nao umepewa kazi ya kukibadilisha kibao hicho au A yenyewe. Ipo na hali inayofanana nayo lakini yenye sura ya kinyume: umebadilishana A na B kwenye kidhibiti, ukabadilishana tena A na B kwenye Steam, na matokeo ni kwamba hakuna kilichobadilika, kwa sababu badiliko la pili limelifuta la kwanza.

Suluhisho ni kumwachia kazi mmoja. Kama unaamua Steam ndiyo ipange, kiweke kidhibiti kwenye hali isiyo na taa na ukiache hapo. Katika hali hiyo Steam inaweza kuviona vibao kama vitufe vinavyojitegemea badala ya nakala za A au B, na itavionyesha kwa majina yake yenyewe: R4 ni P1, R5 ni P2, L4 ni P3 na L5 ni P4. Kwenye Windows, Steam haivioni vibao hivi mpaka kiendeshi chake cha ziada kiwe kimewekwa. Kinapatikana kwenye mipangilio ya Steam sehemu ya Controller, kwa jina la Xbox Extended Feature Support Driver, na baada ya kukiweka kompyuta inahitaji kuwashwa upya. Mtu aliyekiruka hatua hii atakuta R4 na L4 zimeorodheshwa vizuri kwenye menyu lakini hazijibu, na atadhani vibao vimekufa.

Kama unaamua kidhibiti ndicho kipange, fungua Properties za gemu husika ndani ya Steam, ingia sehemu ya Controller, na uzime Steam Input, yaani uwezo wa Steam wa kubadilisha vitufe, kwa gemu hilo. Kisha rudia jaribio ukiwa ndani ya gemu. Amri ya pili ikitoweka, umepata chanzo.

## Kila gemu na profaili yake

Baada ya kuujua ugomvi huo, swali la kuhifadhi profaili ya kila gemu linapata majibu mawili tofauti kulingana na mahali unapochezea.

Kwenye koni una nafasi tatu, na zinakaa ndani ya kidhibiti chenyewe. Hii ina faida inayosahaulika: ukienda na kidhibiti chako kwa rafiki, ukakiunganisha na koni yake au hata na simu kwa Bluetooth, mipango yako mitatu imekuja nawe bila kufunga programu yoyote. Gemu la nne linapokuja, usiifute profaili ya zamani. Tengeneza mpya kwenye programu, uipe jina la gemu, kisha uiweke kwenye nafasi ya lile gemu unalolicheza kwa nadra. Profaili iliyotolewa kwenye nafasi hubaki kwenye orodha ya programu, na kuirudisha ni kazi ya kubonyeza mara chache. Kinachowaponza watu ni kuihariri profaili ya Forza ili iwe ya gemu jipya badala ya kutengeneza nyingine. Wiki mbili baadaye wanarudi barabarani na hawakumbuki tena walikuwa wamepanga nini. Jina la profaili nalo liwe na maana. "Forza mkono" na "Forza otomatiki" yatakusaidia. "Profaili 2" haitakusaidia chochote, hasa kwa kuwa inaweza kuwa imekaa kwenye nafasi ya 3.

Kwenye kompyuta, ukitumia Steam, mpangilio hufungwa kwenye gemu lenyewe. Fungua ukurasa wa gemu kwenye maktaba yako, bonyeza alama ya kidhibiti, panga R4, L4, R5 na L5 unavyotaka, na Steam itaupakia mpangilio huo kila gemu linapofunguka na kuuacha linapofungwa. Hakuna kikomo cha nafasi tatu na hakuna kitufe cha kukumbuka kubonyeza. Gemu ambalo hukulinunua Steam linaweza kuongezwa kwenye maktaba kupitia chaguo la Add a Non-Steam Game, nalo likapata mpangilio wake, mradi ulifungue kupitia Steam na si kwa njia ya mkato iliyoko kwenye dawati la kompyuta. Ukilifungua kwa njia ya mkato na vibao vikanyamaza, hicho ndicho chanzo.

Tofauti nyingine kati ya njia hizi mbili ni kwamba programu ya Xbox Accessories inakubali kibao kimoja kwa kitufe kimoja. Yule mchezaji wa mpira asitarajie P1 imtumie RB na B kwa pamoja ili shuti la ufundi litoke kwa mguso mmoja. P1 itatuma RB, na B ataibonyeza mwenyewe. Steam inaweza kuongeza amri ya pili kwenye kitufe kimoja, lakini kabla ya kulifanya hilo kwenye gemu la mtandaoni soma kanuni za gemu husika, kwa sababu baadhi huuona mguso mmoja unaotoa vitendo vingi kuwa ni udanganyifu.

## Programu haikioni kidhibiti

Tatizo hili halihitaji maelezo marefu. Kama kidhibiti kinachaji lakini Xbox Accessories haikionyeshi, badilisha waya kwanza. Waya nyingi za USB-C zinazouzwa kwa bei ya chini madukani ni za kuchajia tu na hazipitishi data. Jaribu ule uliokuja na kidhibiti, au wowote unaojua unahamisha picha kutoka kwenye simu. Kidhibiti kikishaonekana, programu ikikuambia kuna toleo jipya la programu ya ndani ya kidhibiti, lisakinishe kabla ya kuhariri chochote, na usiuchomoe waya katikati ya kazi hiyo.

Angalia pia kama kidhibiti hakijahamia kwenye kifaa kingine. Series 2 hukumbuka muunganisho wa Bluetooth na ule wa Xbox kwa wakati mmoja, na kubonyeza mara mbili kitufe cha kuunganishia kilicho juu, karibu na tundu la waya, hukihamisha kutoka kimoja kwenda kingine. Kinachoonekana kama profaili iliyopotea huenda ni kidhibiti kinachozungumza na simu iliyoko chumba cha pili.